Kutambua Mada Dhaifu kwa Kusoma Majibu ya Maswali Yaliyomo Ndani ya Video

Mwalimu anayefundisha kwa video zenye maswali katikati yake huwa na kawaida moja. Hufungua ukurasa wa matokeo, huona wastani wa darasa, na ukiwa juu ya asilimia 60 huendelea na somo linalofuata. Wastani huo haumwambii mada ipi imewashinda wanafunzi wake, kwa sababu umechanganya maswali yote, na aghalabu umechanganya pia jibu la kwanza la mwanafunzi na jibu alilolipata baada ya kujaribu mara tatu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kushuka kutoka kwenye wastani hadi kwenye jibu moja moja, ukitumia video zilizotengenezwa kwa H5P, zana ya kuweka maswali ndani ya video, na kuwekwa kwenye Moodle, ambao ni mfumo wa kufundishia mtandaoni unaotumika katika vyuo vingi.

Mfano nitakaoufuata ni somo la kutunza hesabu kwa wafanyabiashara wadogo wa Dodoma: wenye maduka ya rejareja Majengo na Sabasaba, wauza vipuri, na wanunuzi wa mahindi wanaopeleka mzigo Kibaigwa. Takwimu za mfano nimezitunga ili hesabu zifuatike kwa urahisi, lakini makosa yanayoonekana ndani yake ni yale ambayo mtu yeyote aliyefundisha hesabu za biashara ameyaona. Video ina dakika 14 na maswali sita, ambayo nitayaita S1 hadi S6, pamoja na kura moja ya maoni isiyo na alama.

Kabla ya kupokea jibu la kwanza

Kazi ya kusoma majibu huanza siku ya kutengeneza video, si siku ya kufunga somo. Andika orodha yenye nguzo tatu: namba ya swali, dakika linapotokea, na ujuzi mmoja tu linaoupima. Neno "ujuzi mmoja" lichukuliwe kwa uzito. Ukiandika "VAT" mbele ya S4 na S5, utakuwa umeziweka kapu moja stadi mbili zisizofanana: kuongeza VAT juu ya bei isiyo na kodi, na kuitoa VAT ndani ya bei ambayo tayari imejumuisha kodi. Tutaona baadaye kwamba stadi ya kwanza inafahamika kwa karibu kila mtu na ya pili haifahamiki, na kwamba aliyeziweka pamoja asingejua hilo.

Jambo la pili la kurekebisha mapema ni kitufe cha kurudia. Swali lililomo ndani ya video ya H5P likiwa na kitufe cha `Retry`, mwanafunzi hujibu, huambiwa amekosea, hubonyeza tena, hubahatisha hadi apate, ndipo video inaendelea. Mwishoni, kinachotumwa kwenye Moodle ni hali ya swali wakati wa kuwasilisha, yaani jibu la mwisho. Makosa yake ya mwanzo, ambayo ndiyo uliyokuwa unayatafuta, hayapo tena popote. Kuchuja "jaribio la kwanza" baadaye hakutakusaidia, kwa kuwa marudio hayo yote yalitokea ndani ya jaribio hilo hilo la kwanza. Kwa hiyo fungua mipangilio ya mwenendo wa video, tafuta `Override "Retry" button`, uizime kwa maswali yote. Mwanafunzi anayetaka kujifunza zaidi anaweza kuirudia video nzima, na hapo Moodle itamhesabia jaribio la pili linalojitegemea.

Jambo la tatu ni kitufe cha kuwasilisha. Majibu ya video ya H5P hayaingii kwenye rekodi mpaka mwanafunzi afike kwenye skrini ya mwisho na kubonyeza `Submit Answers`. Mtu aliyetazama dakika 13, akajibu maswali yote, kisha bando likamwishia au mteja akaingia dukani, hayumo kwenye takwimu zako. Mwambie mwanafunzi hivyo kwa maneno yanayosikika ndani ya video yenyewe, sekunde chache kabla ya mwisho. Maelezo yaliyoandikwa chini ya video husomwa na wachache mno.

Kutoa majibu yenyewe

Ripoti ya kawaida ya Moodle hukuonyesha majibu ya mwanafunzi mmoja mmoja, na kufungua kurasa 40 kwa mkono kunachosha na kuzaa makosa. Njia fupi ni kumwomba msimamizi wa mfumo akutolee jedwali moja kutoka kwenye hifadhidata. Mpe amri hii:

```sql
SELECT a.userid, a.attempt, r.subcontent,
       r.response, r.rawscore, r.maxscore
FROM mdl_h5pactivity_attempts a
JOIN mdl_h5pactivity_attempts_results r
  ON r.attemptid = a.id
WHERE a.h5pactivityid = 12
  AND r.interactiontype <> 'compound';
```

Kuna mitego miwili hapa. Namba 12 katika mfano huu si ile inayoonekana kwenye anwani ya ukurasa baada ya `id=`. Ile ya kwenye anwani ni namba ya shughuli ndani ya kozi, na ukiitumia utapata jedwali tupu au, vibaya zaidi, majibu ya video nyingine kabisa. Namba sahihi hupatikana kwa kuuliza nguzo ya `instance` katika jedwali la `mdl_course_modules`. Mtego wa pili ni ule mstari wa mwisho wa amri: kila jaribio lina safu moja inayobeba jumla ya alama za video nzima, nayo isipoondolewa itahesabiwa kana kwamba ni swali la saba.

Jedwali likishafika, lifungue kwenye Excel au programu nyingine ya lahajedwali. Nguzo ya `subcontent` ina msimbo mrefu wa herufi na tarakimu unaolitambulisha swali. Tumia huo badala ya maneno ya swali, kwa sababu maneno hubadilika unaposahihisha tahajia, lakini msimbo hubaki. Ubadilishe kuwa S1, S2 na kuendelea kwa kufuata orodha uliyoitengeneza mwanzoni. Nguzo ya `response` ina namba ya chaguo, na hesabu huanzia sifuri: `0` ni chaguo la kwanza, `1` ni la pili. Ukiona `0[,]2`, mwanafunzi amechagua la kwanza na la tatu kwa pamoja. Nimewahi kumaliza jioni nzima nikishangaa kwa nini wanafunzi wangu wazuri wote wamechagua jibu la kijinga, kumbe nilikuwa nimehesabu kuanzia moja.

Kujua nani yumo na nani hayumo

Kabla ya kukokotoa chochote, hesabu watu. Katika mfano wetu waliojiandikisha ni 52, kumbukumbu za kozi zinaonyesha kwamba 47 waliifungua video, na waliowasilisha ni 40. Watu saba walioifungua bila kuwasilisha ni wengi kiasi cha kubadilisha picha, hasa ikiwa waliacha kwa sababu somo liliwazidi. Huwezi kuyajua majibu yao, lakini unaweza kuwapigia simu wawili au watatu ukawauliza walifika wapi. Ukiambiwa na wote kwamba waliachia kwenye VAT, umepata ushahidi ambao jedwali haliwezi kukupa.

Angalia pia waliotumia akaunti moja. Katika maduka yenye wafanyakazi wawili au watatu ni jambo la kawaida watu kuketi mbele ya simu moja, wakajadiliana, akabonyeza mmoja. Hilo si udanganyifu, na kwa kujifunza huenda ni zuri kuliko kutazama peke yako, ila jibu linalotoka hapo ni la kikundi. Likiwa sahihi, halikuhakikishii kwamba kila aliyekuwepo anajua.

Hesabu ya kwanza: wangapi wamepata

Weka nguzo kwa mpangilio ule ule wa amri, yaani mtumiaji A, jaribio B, swali C, jibu D, alama E. Sehemu ya waliopata S4 katika jaribio la kwanza hupatikana hivi:

```
=COUNTIFS(C:C,"S4",B:B,1,E:E,1)/COUNTIFS(C:C,"S4",B:B,1)
```

Katika mfano wetu, maswali matatu, yaani S1, S3 na S6, yamepatwa na zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi na hayatuhusu tena. S5, linalouliza VAT ya bidhaa ya Sh 50,000 kabla ya kodi, limepatwa na watu 36 kati ya 40, yaani asilimia 90. Yaliyobaki chini ni mawili: S2 limepatwa na watu 15, ambao ni asilimia 37.5, na S4 limepatwa na 14, ambao ni asilimia 35. Angalia kwamba S4 na S5 zikijumlishwa kama "mada ya VAT" zinatoa majibu sahihi 50 kati ya 80, asilimia 62.5, kiwango ambacho hakimshtui mtu.

Usisome tofauti ndogo. Kwa darasa la watu 40, mtu mmoja ni asilimia 2.5, na kiwango cha asilimia 35 kingeweza kupanda au kushuka kwa karibu asilimia 15 kwa sababu tu ya kuwapata watu wengine wa aina ile ile. S2 na S4 kwa hesabu hii ni sawa kabisa, na anayetangaza kwamba S4 ni gumu zaidi kwa sababu lina mtu mmoja pungufu anajidanganya. Kama darasa lako lina watu kumi na wawili, acha asilimia, soma majibu yao moja moja.

Hesabu ya pili: wamekosea kwa kuchagua nini

Hapa ndipo data ya video inapokuwa na thamani kuliko mtihani wa mwisho wa kozi, na ndipo ninapokushauri utumie muda wako mwingi. Swali la kuchagua lina jibu sahihi moja na vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi. Kipotoshi kilichotungwa vizuri hubeba kosa mahususi ambalo mtu hulifanya kwa kufikiri, si kwa kubahatisha.

S4 linasema: "Risiti ya EFD inaonyesha jumla ya Sh 118,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. VAT iliyomo ni kiasi gani?" Majibu yaligawanyika hivi: Sh 18,000, ambalo ndilo sahihi, watu 14, Sh 21,240, watu 21, Sh 11,800, watu 2, na Sh 100,000, watu 3. Kati ya watu 26 waliokosea, 21 wamekwenda mahali pamoja. Namba 21,240 ni asilimia 18 ya 118,000. Watu hawa wanajua kiwango cha kodi, wanajua kuzidisha, na mkono wao hauna tatizo. Walichokosa ni kutambua kwamba 118,000 si bei ya msingi bali ni sehemu 118 ambazo 100 kati yake ni bei na 18 ni kodi. Njia yao sahihi ilikuwa 118,000 × 18 ÷ 118.

Kama majibu ya makosa yangesambaa sawasawa kwenye vipotoshi vitatu, takribani watu tisa kila kimoja, hitimisho lingekuwa tofauti: watu wanabahatisha, ama kwa sababu mada haikufundishwa kabisa au kwa sababu walirusha sehemu hiyo ya video. Mkusanyiko kwenye kipotoshi kimoja huashiria dhana potofu, na dhana potofu huhitaji kushughulikiwa kwa jina lake. Kumrudishia mtu maelezo yale yale hakumsaidii, kwa kuwa aliyasikia akayaelewa kwa namna yake.

Sasa tazama S2: "Mteja amechukua bidhaa za Sh 60,000, amelipa Sh 20,000 na kubaki na deni. Utaandika kiasi gani kwenye daftari siku hiyo?" Jibu lililowekwa kuwa sahihi ni 60,000, watu 15. Waliosema 20,000 ni 19, waliosema 40,000 ni 5, na mmoja amesema 80,000. Nako kuna mkusanyiko. Ukiishia hapa utasema wafanyabiashara hawaelewi mauzo ya mkopo, utarekodi upya dakika nne za video, na utakuwa umepoteza kazi.

Hesabu ya tatu: je, waliofanya vizuri nao wamekosea?

Chukua swali moja, kwa mfano S2, na umpangie kila mwanafunzi jumla ya alama zake katika maswali mengine matano, bila kulihesabu S2 lenyewe. Panga watu 40 kuanzia aliye juu hadi aliye chini, kisha chukua 13 wa juu na 13 wa chini. Waliofungana kwenye mpaka wagawe kwa kura tu. Kwa maswali matano watakuwa wengi, na hilo ni sababu mojawapo ya kutoiamini hadi kwenye nukta tarakimu utakayoipata, yaani tofauti ya waliopata swali katika makundi hayo mawili ikigawanywa kwa 13.

Kwa S4, waliopata katika kundi la juu ni 9 na katika kundi la chini ni 1. Tofauti ni 8, ukigawanya kwa 13 unapata takribani 0.62. Swali linatenganisha anayejua na asiyejua, kwa hiyo ugumu wake ni wa kweli. Kwa S2, waliopata katika kundi la juu ni 4 na katika kundi la chini ni 6. Tofauti ni hasi, takribani −0.15. Wanafunzi wazuri wamelikosa zaidi ya wanafunzi dhaifu, na karibu kila mara maana yake ni kwamba swali lenyewe au ufunguo wake una kasoro.

Lisome tena S2 kama mtu mwenye duka. Linasema "kwenye daftari" bila kutaja daftari lipi. Katika daftari la mauzo, kiasi ni 60,000. Katika daftari la fedha taslimu, ni 20,000. Katika daftari la wadaiwa, kinachobaki ni 40,000. Majibu matatu kati ya manne ni sahihi kutegemea kitabu kilichofunguliwa, na mwanafunzi aliyezoea kufunga hesabu ya droo kila jioni amejibu kwa busara kabisa. S2 halituambii lolote kuhusu mada; lirekebishwe kwa kuongeza maneno mawili, "la mauzo", na majibu yake ya awamu hii yaondolewe kwenye hesabu.

Kura ya maoni isomwe pamoja na jibu

Kura peke yake ni dhaifu. Ukiuliza "Umeelewa?" watu wengi wataitikia kwa adabu, kama tunavyoitikia darasani. Inakuwa na maana unapoiunganisha na jibu la swali linaloifuata, kwa kutumia namba ya mtumiaji. Iweke kabla ya swali, kwa sababu mtu akishaambiwa amekosea, uhakika wake hubadilika. Katika mfano wetu kura ipo sekunde chache kabla ya S4 na inauliza: "Ukipewa risiti sasa hivi, una uhakika gani kwamba utaitambua VAT iliyomo?" Chaguo ni tatu: nina uhakika, nina wasiwasi, sijui kabisa.

Kati ya watu 21 waliochagua 21,240, watu 16 walikuwa wamesema wana uhakika. Hili ndilo kundi la kushughulikiwa kwanza. Mwenye wasiwasi hurudi kuitazama video au huuliza kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye uhakika hana sababu ya kurudi, na kesho atamweleza mwenzake wa duka la pili kosa hilo hilo. Upande wa pili, kati ya 14 waliopata, watu 6 walisema wana wasiwasi. Hao wamepata, lakini usiwahesabu kuwa wameimudu stadi mpaka wapate tena katika swali lenye namba nyingine.

Kurudi kwenye video

Ukishajua ni stadi ipi na ni kosa lipi, fungua video kwenye dakika ya swali, rudi nyuma dakika mbili, na usikilize ukiwa umelishika kosa mkononi. Kwa S4 swali lipo dakika ya 7. Kuanzia dakika ya 5 mwalimu anatoa mifano mitatu, yote ya bei isiyo na kodi: sukari, mafuta ya alizeti, mfuko wa saruji. Kisha anasema, neno kwa neno, "VAT ni asilimia 18 ya bei." Hakusema bei ipi. Aliyechagua 21,240 ametii maelezo hayo barabara. Chanzo cha udhaifu wa mada kimepatikana katika sentensi moja yenye maneno sita, na kukirekebisha kunahitaji kurekodi upya kipande cha dakika moja na nusu, kikiwa na risiti halisi ya EFD iliyosogezwa karibu na kamera na mstari wa jumla ukioneshwa kwa kidole.

Katika kipande hicho kipya kitaje kosa waziwazi: onyesha kwamba ukichukua asilimia 18 ya 118,000 unapata 21,240, ukiitoa kwenye jumla inabaki 96,760, na asilimia 18 ya 96,760 ni takribani 17,417, wala si 21,240. Mfanyabiashara akiona hesabu yake mwenyewe imekataa kurudi ilikotoka, hatahitaji kushawishiwa zaidi.

Kwa awamu inayofuata usitumie swali lile lile, kwa kuwa namba 18,000 itakuwa imeshasambaa kwenye simu za watu. Weka risiti ya Sh 59,000, ambayo jibu lake ni Sh 9,000, na hakikisha kipotoshi cha Sh 10,620 kimo, kwani ndicho kinachobeba kosa lile lile. Unapolinganisha awamu mbili, tazama sehemu ya waliochagua kipotoshi hicho kabla ya kutazama sehemu ya waliopata. Wakipungua kutoka 21 kati ya 40 hadi, tuseme, 6 kati ya 38, rekebisho limefanya kazi, hata kama waliopata hawajaongezeka kwa kiasi hicho hicho kwa sababu wengine sasa wanakosea kwa njia mpya. Wakibaki zaidi ya nusu, rudi tena kwenye video. Na safari hii mtazamishe mwenye duka mmoja, ukiwa umeketi kando yake, na umwombe asimamishe video kila anapotaka kukuuliza kitu.